Picha ya Ofa ya Kufungua Shule: Begi, Viatu na Mlango Mmoja

Tangazo la kufungua shule lina ugumu mmoja ambao wenye maduka wengi huugundua wakishafika kupiga picha. Begi hukaa mgongoni, uso wa mtoto uko mbele, na viatu viko chini kabisa. Mtoto akikuelekea, begi linapotea na kubaki mikanda miwili kifuani. Akigeuka, unaona begi lakini tangazo limekosa uso. Ukimsogelea ili uso uonekane vizuri, umekata miguu, na viatu ndiyo nusu ya bidhaa zako. Ndiyo maana matangazo mengi huishia kumsimamisha mtoto kama askari, begi amelishika mkononi mbele ya tumbo, anacheka kwa kuamriwa. Hakuna mtoto anayekwenda shule hivyo, na mzazi anayepitisha kidole kwenye simu analitambua hilo mara moja hata kama hatasema.

Dawa yake ni kutafuta tendo ambalo lenyewe linamfanya mtoto ageuke, kisha kulipiga picha tendo hilo. Mwongozo huu unachukua tukio moja tu, la ndugu wawili kwenye mlango wa kuingilia shule, na kulifuata kutoka maandalizi hadi bango. Vifaa ni simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 au zaidi, karatasi mbili za manila nyeupe na mtu mmoja wa kukusaidia. Mfano wetu ni duka la Dar es Salaam linalojiandaa kwa ufunguzi wa Januari. Kwingine unaweza kubadilisha rangi za sare na saa za jua, tukio likabaki lile lile.

Tukio lenyewe

Dada wa miaka kumi hivi anapanda ngazi kuingia mlangoni, begi mgongoni. Mdogo wake wa miaka saba amesimama njiani kwa sababu kamba ya kiatu imefunguka. Ameketi kwenye kidato cha chini, anafunga kamba, begi lake ameliweka kando. Dada anageuka kumngoja. Basi.

Dada anaelekea mlangoni, kwa hiyo begi lake linatutazama sisi. Anageuka kwa sababu mdogo wake yuko nyuma, upande wa kamera, kwa hiyo uso wake nao unatutazama. Mdogo yuko mbele na chini, kwa hiyo viatu vyake viko karibu na kamera, na mikono yake inavielekezea macho ya mtazamaji bila mshale wala duara jekundu. Begi la pili linakaa sakafuni, uso wake mbele, zipu na mifuko vikionekana. Hakuna aliyeshikishwa bidhaa, ila kila bidhaa inaonekana.

Msimamo wa kila mmoja una vipimo vyake. Dada asimame kidato cha pili, mwili umegeuka nusu, yaani kati ya kutupa mgongo kamili na kutupa ubavu. Akitupa mgongo kamili itabidi azungushe shingo kupita kiasi, na ngozi ya shingo inajikunja. Akitupa ubavu, begi linakuwa jembamba kama kitabu. Mguu mmoja uwe tayari umepanda kidato cha juu, maana miguu iliyolingana inasema amesimamishwa, ila mguu mmoja juu unasema alikuwa anakwenda. Mdogo akae upande ule ambao dada anageukia, kiasi cha mita moja kutoka kwake. Akikaa upande wa pili, dada atazungukia kwa nyuma na uso utaelekea ukutani. Kosa hili hutokea mara nyingi kuliko yote, na hurekebishwa kwa kumhamisha mdogo, si kwa kumwambia dada "geukia huku".

Mlango gani, saa ngapi

Desemba shule nyingi zimefungwa na viwanja viko kimya, hivyo ni wakati mzuri wa kumwomba mwalimu mkuu ruhusa ya saa moja. Omba kwa barua fupi, eleza picha itatumika wapi, na ahidi kwamba jina na nembo ya shule havitaonekana, kisha uitimize ahadi hiyo. Mzazi akiona jina la shule kwenye tangazo lako atadhani shule hiyo imeagiza wanafunzi wanunue kwako. Ukikosa shule, ukumbi wowote wenye baraza, ngazi mbili au tatu na mlango uliopakwa rangi unatosha. Ngazi usiziache, maana bila ngazi mdogo hana pa kuketi na dada hana pa kupanda.

Angalia mlango unatazama wapi. Kwa upigaji wa asubuhi, tafuta mlango unaotazama magharibi. Jua liko nyuma ya jengo, ngazi nzima iko kivulini, na mwanga laini unatoka angani na kwenye uwanja ulio mbele. Kivuli cha namna hii ndicho kinachofaa ngozi nyeusi na shati jeupe kwa pamoja. Juani, simu inalazimika kuchagua: ikiokoa shati, uso unakuwa giza, ikiokoa uso, shati linakuwa doa jeupe lisilo na vifungo wala kola. Kivulini tofauti hiyo hupungua na vyote viwili huonekana.

Dar es Salaam mwezi Desemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, likiegemea kusini kidogo. Kwa hiyo baraza linalotazama kaskazini huwa na kivuli hata mchana, na lile la kusini hupigwa na jua. Hata hivyo adhuhuri uiepuke. Mwanga unaotoka juu moja kwa moja huingiza giza kwenye macho, na watoto wakishatokwa jasho, shati jeupe linaganda mgongoni pale pale begi linapokaa. Saa mbili hadi saa nne asubuhi inatosha kazi yote. Kukiwa na mawingu ya mvua za vuli usiahirishe, mawingu yanakufanyia kazi ya kivuli.

Uwanja ulio mbele ya mlango una kazi yake pia. Saruji au mchanga mweupe hurudisha mwanga kwenye nyuso kutoka chini, na ndiyo sababu picha za baraza lenye uwanja wa mchanga hung'aa zenyewe. Udongo mwekundu hurudisha wekundu kwenye mashati. Nyasi hurudisha kijani kwenye mashavu, na rangi hiyo ni shida kuiondoa baadaye. Ukilazimika kupiga penye nyasi, tandaza shuka jeupe chini, nje ya fremu.

Halafu kuna tatizo la mlango wenyewe. Mlango ulio wazi ukiwa na chumba cheusi nyuma yake ni shimo, na nywele nyeusi za mtoto mbele ya shimo hilo hazionekani zinaishia wapi, uso unaelea peke yake. Una njia mbili. Ama ufungue dirisha au mlango wa upande wa pili wa chumba ili mwanga uingie kwa nyuma, ama umsogeze dada hadi kichwa chake kikae mbele ya ukuta au bawa la mlango lililopakwa rangi. Njia ya pili ni rahisi, na inatosha kusogea nusu hatua.

Rangi

Uchangamfu wa picha hauji kwa maputo. Maputo yanasema siku ya kuzaliwa, na yanafunika mlango uliohangaika kuutafuta. Chagua rangi moja kali, nayo iwe ya begi unalotaka liuzike zaidi. Tuseme ni njano. Basi njano hiyo irudi mara moja tu mahali pengine padogo, labda kwenye chupa ya maji ya mdogo au ndoo yenye ua pembeni ya mlango. Jicho linaanzia kwenye begi, linakwenda kwenye njano ya pili, na kati yake linapita viatu. Ukiweka rangi kali tano, kila moja inapiga kelele na begi linakuwa kelele moja kati ya tano.

Begi la pili liwe tulivu, la bluu ya bahari iliyokoza au la kijivu. Linaonyesha kwamba duka lina chaguo kwa mzazi asiyetaka njano. Mabegi yenye picha za katuni za filamu yaache dukani, yasibebe tangazo. Wahusika hao wana wenyewe, na mengi ya mabegi hayo hayana kibali chao.

Sare iwe ya kawaida isiyo ya shule fulani: shati jeupe, sketi na kaptula za bluu iliyokoza, soksi nyeupe. Kwa Tanzania mzazi yeyote wa shule ya msingi anaona mtoto wake hapo. Piga pasi shati, lakini liache livaliwe kwa dakika kumi kabla ya picha ili mistari ya kukunjwa kwenye pakiti ilegee. Kama dada anavaa hijabu, mikanda ya begi ipite juu ya kitambaa, isifunikwe nacho, kwani mikanda ni sehemu ambayo mzazi huitazama kwa makini kabla ya kutoa pesa.

Kuta nazo zina athari. Ukuta wa kijani au wa waridi ulio karibu na shati jeupe hulipaka shati rangi yake. Waweke watoto angalau mita moja mbele ya ukuta wa namna hiyo. Kuta za shule zetu mara nyingi zina rangi nzito chini na krimu juu, na mpaka wa rangi hizo ni mstari mkali. Angalia usipite shingoni mwa dada.

Ondoa mlangoni vitu vinavyovuta macho bila sababu: waya, ndoo ya taka, matangazo yaliyochanika, pikipiki ya mtu. Lakini usifagie hadi pakawa kama studio. Ufagio uliosimamishwa kwenye kona, ndala za mtu aliyeingia ndani, majani mawili matatu kwenye ngazi, ndivyo vinavyomwambia mtazamaji kwamba mahali hapa pana watu.

Begi na viatu vinaandaliwa siku moja kabla

Begi jipya limebanwa kwenye gunia tangu Kariakoo, lina mikunjo. Lijaze nguo usiku mmoja na ulining'inize. Asubuhi toa nguo, anza kupanga upya. Upande unaogusa mgongo weka madaftari sita hadi nane yaliyosimama wima, yatalifanya begi lisimame. Mbele yake weka taulo lililokunjwa au kanga, liujaze uso wa begi bila kulifanya mviringo kama mpira. Mfuko wa mbele uwekee kitu chembamba tu, mfano kompasi. Bonyeza uso wa begi kwa kiganja: ukirudi wenyewe polepole, ujazo ni sawa. Zipu zote zifungwe, na vishikio vya zipu vielekee upande mmoja. Begi la mdogo sakafuni litaanguka nyuma, kwa hiyo liegemeze kwenye ngazi au weka jiwe dogo chini ya kitako chake kwa nyuma.

Mikanda ifupishwe hadi sehemu ya juu ya begi ilingane na mabega na kitako chake kisishuke chini ya kiuno. Wauzaji wengi huacha mikanda ilivyotoka kiwandani, mirefu, na begi linapiga makalio. Linaonekana limemzidi mtoto, na mzazi anaamini ni kubwa mno. Kata lebo na ondoa nailoni kwenye vishikio. Lebo ikibaki, picha nzima inageuka kuwa ya mtoto aliyeazimishwa begi.

Viatu vinahitaji uangalifu zaidi, maana viatu vyeusi vinavyong'aa ni kama kioo: vinaonyesha kilicho mbele yake. Mbele kukiwa na giza, au wewe mwenyewe na suruali nyeusi, kiatu kinakuwa doa jeusi lisilo na umbo. Laza karatasi ya manila nyeupe chini, nje kidogo ya fremu, kiasi cha nusu mita mbele ya kiatu, ukiinua ukingo wa mbali kwa kuuegemeza kwenye tofali. Utaona mstari mweupe unajitokeza kwenye pua ya kiatu na mwingine ubavuni. Mistari hiyo ndiyo inayouonyesha mshono, ukingo wa soli na mviringo wa kidole. Sogeza karatasi kushoto na kulia hadi mstari ukae unapoutaka. Karatasi ya pili ashike msaidizi kuelekea uso wa dada. Zima flashi ya simu, kwani huacha vidoti vyeupe kwenye ngozi ya kiatu na kuua kila kitu kingine.

Pangusa kiatu kwa kitambaa kikavu, usikipake kiwi kingi. Mafuta ya kiwi huvuta vumbi, na vumbi jeupe kwenye kiatu cheusi kamera hulikuza. Soli nazo zipanguswe, kwani dada akiinua mguu soli itaonekana. Namba ya kiatu iwe ile halisi ya mguu wa mtoto. Kiatu kikubwa hujulikana kwenye picha hata kama mtoto halalamiki: kuna mwanya nyuma ya kisigino, na mbele kunatokea mkunjo mahali ambapo vidole havijafika. Beba namba mbili kwa kila mtoto. Kiatu cha mdogo lazima kiwe cha kamba, ndipo tukio lisimame. Dada anaweza kuvaa cha mkanda, ili mzazi aone aina zote mbili.

Simu iwekwe wapi

Simama mita tatu hadi nne kutoka kwa mdogo, kisha tumia lenzi ya mara mbili kama simu inayo. Usisogee karibu na kutumia lenzi pana. Lenzi pana ikiwa karibu hukuza kilicho mbele, na kwenye tukio hili kilicho mbele ni magoti na viatu vya mdogo, vitakuwa vikubwa kuliko kichwa chake.

Piga goti. Kamera iwe kwenye kimo cha kifua cha mdogo aliyeketi, sentimeta 60 hadi 70 kutoka chini. Ukipiga umesimama, unaona utosi wa watoto na juu ya viatu tu, na mlango unaonekana unaanguka nyuma. Ukiwa chini, viatu vinaonekana kwa ubavu, na mlango unasimama mrefu na wenye hadhi. Washa gridi ili nguzo za mlango zilingane na mistari yake.

Acha theluthi moja ya fremu tupu, ukuta mtupu upande wa pili wa mdogo au juu ya dada. Maandishi ya ofa yatakaa hapo. Nafasi hii iachwe wakati wa kupiga. Ukija kuitafuta baadaye utajikuta unaandika bei juu ya paji la uso la mtoto.

Gusa uso wa dada kwenye kioo cha simu, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha shusha alama ya jua kidogo hadi mikunjo ya shati jeupe ionekane. Picha iliyo na giza kidogo huinuliwa baadaye, shati lililoungua halirudi. Hali ya picha inayofifisha mandhari ya nyuma usiitumie hapa. Simu hukisia kingo, na mara nyingi hukosea kwenye mikanda ya begi, kamba za viatu na nywele: kipande cha mkanda kinafifia na kingine kinabaki. Isitoshe, mlango ni sehemu ya tangazo, usiufifishe.

Watoto

Kwanza ridhaa. Mzazi au mlezi atie saini karatasi inayosema picha ni ya nini, itaonekana wapi (stetasi, mitandao, bango la duka) na kwa muda gani, kisha mpe nakala. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa picha za watu, na picha ya mtoto ndiyo ya kuangaliwa zaidi. Mzazi awepo muda wote. Mtoto naye aulizwe, na akikataa siku hiyo, iwe amekataa. Majina yao yasiandikwe popote kwenye tangazo.

Ndugu wa kweli au majirani wanaocheza pamoja ni bora kuliko watoto wazuri wasiojuana. Dada wa kweli anajua namna ya kumngoja mdogo wake, ana uso wake wa "haraka basi". Wageni huangaliana kwa haya.

Usiseme "cheka". Mpe kila mmoja kazi. Mdogo afungue kamba kabisa na kuifunga upya kila mara, asiigize. Anayefunga kamba kweli hutoa ulimi kidogo au kubana midomo, na hiyo ni picha. Dada aanzie chini ya ngazi, apande kwa mwendo wake, na mdogo amwite akifika kidato cha pili: "Dada, ningoje!" Kuitwa ndiko kunakomgeuza, na shingo inayogeuka kwa kuitwa ni tofauti na shingo iliyopangwa. Anza kupiga mfululizo sekunde moja kabla ya mwito, endelea hadi amekwisha geuka. Uso mzuri mara nyingi huja baada ya kugeuka, anapomwona mdogo anahangaika.

Mara ya tatu au ya nne atajua mwito unakuja na atageuka kabla. Hapo badilisha sababu. Mnong'oneze mdogo aulize swali, "Umebeba kalamu yangu?" Dada atakagua mfukoni au atajibu, na uso wote unabadilika. Dakika ishirini hadi thelathini zinatosha, zaidi ya hapo mtoto wa miaka saba anachoka mabega. Wakipumzika usiweke simu chini: kunywa maji, kubebana mabegi, kumsaidia mdogo kuvaa mkanda wa pili, vyote ni picha za ziada za wiki nzima.

Ukichagua picha, angalia vitu vitatu kwa mpangilio huu. Miguu ya dada imeachana au imepishana? Ikipishana anaonekana ana mguu mmoja. Uso wa begi la njano unaonekana angalau nusu yake? Na kiatu cha mdogo, mstari wa mwanga upo puani? Picha yenye vitatu hivyo na tabasamu dogo ni bora kuliko yenye kicheko kikubwa na begi lililojificha.

Bei na maneno

Ofa iliyo rahisi kueleweka na picha hii ni seti, kwa kuwa picha yenyewe inaonyesha vitu vikiwa pamoja. Lakini piga hesabu kabla ya kuandika. Tuseme begi umelinunua 18,000 unaliuza 28,000, na viatu umenunua 17,000 unauza 25,000. Vikiuzwa kimoja kimoja mteja analipa 53,000 na wewe unapata faida ya 18,000. Ukitoa seti kwa 48,000, punguzo la shilingi 5,000 linaonekana dogo, lakini limekula zaidi ya robo ya faida, imebaki 13,000. Seti 10 za bei ya kawaida zilikupa 180,000. Ili ufike hapo kwa bei ya ofa unahitaji kuuza seti 14. Kama mtaji wako haukuruhusu kuongeza mzigo huo, usipunguze bei, ongeza kitu. Jozi mbili za soksi ulizonunua jumla kwa shilingi 1,000 kila jozi zinakugharimu 2,000, na mzazi huziona zina thamani zaidi kwa sababu alikuwa azinunue kwingine.

Maneno kwenye picha yawe haya tu: "Begi + viatu + soksi jozi 2", bei, namba za viatu zilizopo, tarehe ya mwisho, mahali duka lilipo kwa alama inayojulikana, na namba ya simu. Herufi za bei ziwe kubwa kuliko zote na zitumie ile rangi ya begi, kama ukuta unairuhusu. Njano juu ya krimu haisomeki, hapo andika kwa bluu ya sketi. Tarehe ya mwisho iwe ya kweli, ofa inayoongezwa kila wiki huwafundisha wateja kusubiri.

Namba za viatu ndizo zinazopunguza maswali na kurudishiwa bidhaa, kwa hiyo chini ya tangazo au kwenye ujumbe wa pili weka maelekezo ya kupima. Mtoto asimame jioni juu ya karatasi, kisigino kikigusa ukuta, mzazi apige alama kwenye ncha ya kidole kirefu na kupima sentimeta. Apime miguu yote miwili na kuchukua iliyo ndefu. Wewe ongeza 1.5 kwenye sentimeta hizo, kisha zidisha kwa 1.5. Mguu wa sentimeta 18 unakuja namba 29, wa 20 namba 32, wa 22 namba 35. Ile 1.5 unayoongeza ndiyo nafasi ya vidole. Viwanda vinatofautiana, kwa hiyo kila mzigo mpya ukifika pima ndani ya viatu viwili vitatu kwa ukanda mwembamba wa karatasi ngumu, uone kama namba inasema kweli.

Kuituma na kuichapa

Kwa stetasi ya WhatsApp tengeneza nakala ya wima ya pikseli 1080 kwa 1920, na usiweke maandishi kwenye pikseli 250 za juu na 250 za chini, kwa kuwa majina na vitufe vya programu hukaa hapo. Kwa Instagram nakala ya 1080 kwa 1350 inatosha. Kata kutoka kwenye picha asilia kila mara, usikate nakala iliyokwisha katwa.

Bango la turubai la upana wa mita moja, la kutazamwa kutoka mita mbili au tatu, linahitaji picha yenye upana wa pikseli 2,800 hivi. Picha ya wima ya megapikseli 12 ina pikseli 3,000, inatosha ikiwa hujaikata. Tatizo huwa njiani. Ukimtumia mchapaji kama picha ya kawaida kwenye WhatsApp, inabanwa na bango linatoka na ukungu. Itume kama dokumenti, au mpelekee kwenye flashi. Mwombe akuchapie kwanza kipande cha sentimeta 30 chenye shati jeupe, uso na begi. Mashine nyingi za turubai hukoleza wekundu kwenye ngozi na kuzima njano, na marekebisho kwenye kipande hayakugharimu bango zima.

Bango likae kwenye mlango wa duka lako kwa kimo kile kile ulichopigia picha, chini likianzia karibu na sakafu. Mtoto anayepita na mama yake atajilinganisha na watoto waliomo. Kando yake weka benchi fupi na zulia dogo, na juu ya benchi begi lile lile la njano likiwa limejazwa vile vile, na chini yake jozi ya viatu vya kamba. Begi likiisha stoo, toa la kwenye benchi na ulete linalofuata, kisha badilisha rangi ya bei kwenye stetasi ifanane nalo. Mteja aliyekuja kwa ajili ya njano na kuikosa huondoka, ila aliyeona jana kwamba zamu sasa ni ya bluu huja akiwa amekwisha amua.

Kwa kawaida majina ya waliochaguliwa kidato cha kwanza hutoka Desemba, na ununuzi mkubwa huanzia hapo hadi wiki ya kwanza ya masomo. Picha kuu itoke kabla ya katikati ya Desemba. Zile za ziada, za maji na mikanda, zigawe moja kila siku mbili. Katika siku tatu za mwisho weka ukaribu wa mikono ya mdogo ikifunga kamba, pamoja na orodha ya namba zilizobaki, ukiifuta kila namba inapokwisha.